Fungu Na. 47: Mashine ya kusaga na kukoboa mahindi, Majengo, Moshi

Lugha: Kiswahili · Badili
Masharti yaliyoandikwa kwa Kiswahili kwenye ukurasa huu ndiyo yanayokufunga wewe, muuzaji na sisi.

Dau la sasa: Sh 3,650,000
Madau 11, washindani 4
Bei ya chini ya muuzaji: BADO HAIJAFIKIWA
Mnada unafungwa: Alhamisi 12 Machi 2026, saa 10:00 jioni (simu yako itaonyesha 16:00)
Muda uliobaki: saa 5, dakika 42

Unachonunua

Ni seti nzima: kinu cha kusaga, kinu cha kukoboa, mota moja ya hosipawa 30 ya fezi tatu, stata yake, puli na mikanda minne. Kuna chekeche mbili, ya dona na ya sembe.

Fundi wetu ameiwasha na kusaga debe moja la mahindi makavu. Video iko chini ya picha, na tunakuomba uisikilize ukiwa umeongeza sauti. Beringi ya upande wa puli inalia. Nyundo zimelika upande mmoja, zinageuzika na kutumika upande wa pili. Mkanda mmoja una ufa unaouona ukiukunja kwa mkono. Stata ni nzima. Hatujafungua mota, kwa hiyo hatusemi chochote kuhusu waya wa ndani.

Mashine inauzwa ilivyo na mahali ilipo. Kama kwako hakuna umeme wa fezi tatu, ongea kwanza na TANESCO kabla ya kuweka dau, kwa sababu kuvuta laini mpya kunaweza kubadili hesabu yako yote. Ukaguzi ni leo hadi saa 6:00 mchana. Njoo na fundi wako.

Weka kikomo chako

Kikomo changu: Sh 4,500,000
Kiwango cha chini unachoweza kuweka sasa: Sh 3,700,000
Hatua ya kupanda: Sh 50,000

Kikomo ni kiasi cha mwisho ambacho uko tayari kuitolea mashine hii, kabla ya ada. Si lazima ndicho utakacholipa. Ukishakiweka, mfumo unakupigania: mwenzako akipanda, wewe unapandishwa hatua moja tu juu yake, mpaka kikomo chako kiishe. Hakuna anayekiona, si washindani, si muuzaji, wala wafanyakazi wetu walio uwanjani. Wengine wanaona dau la sasa tu.

Tuseme anayeongoza sasa ameficha kikomo cha 3,900,000. Ukiweka 4,500,000, yeye anapanda hadi mwisho wake na wewe unasimama 3,950,000, ukiongoza. Zile 550,000 zilizobaki hazijaguswa. Lakini akiwa ameficha 4,480,000, utasimama 4,500,000 kamili, kwa sababu hatuwezi kukuvusha kikomo chako hata kwa shilingi moja. Na kama vikomo viwili vinalingana, anayeongoza ni yule aliyeweka mapema. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuweka kikomo chako cha kweli sasa, badala ya kusubiri dakika ya mwisho.

Kusubiri dakika ya mwisho hakusaidii kwa sababu nyingine pia. Dau lolote likiingia ndani ya dakika 3 za mwisho, muda unaongezwa dakika 3, na utaendelea kuongezwa mpaka wote wanyamaze. Mtu wa Himo mwenye mtandao unaosuasua anapata nafasi ileile ya mtu wa mjini.

Ukiwa unaongoza na ukapandisha kikomo chako, dau la sasa halipandi, isipokuwa bei ya chini ya muuzaji iwe bado haijafikiwa. Unaweza pia kukishusha, ila si chini ya dau lililokwisha kuonekana.

Tunakusihi: amua kikomo chako ukiwa umetulia, karatasi mkononi, umeshaongea na nyumbani. Tumeona watu wakipandisha kwa sababu tu hawataki kupitwa, halafu wanatafuta mkopo siku ya malipo. Mashine nyingine zitakuja.

Bei ya chini ya muuzaji ni nini?

Muuzaji ametuandikia kiasi ambacho chini yake hauzi. Kiasi hicho tunakijua sisi na yeye. Wewe unaona bango tu: BADO HAIJAFIKIWA, au IMEFIKIWA. Bango likiwa la kwanza, hata ukiongoza hujashinda.

Sehemu inayowachanganya wengi ni hii. Chukua mfano kwamba muuzaji ameandika 4,200,000. Ukiweka kikomo cha 4,500,000, dau lako halitasimama 3,950,000 kama tulivyoeleza juu. Litaruka moja kwa moja hadi 4,200,000, na bango litageuka IMEFIKIWA. Hakuna aliyekupandishia. Ni kikomo chako kimekutana na bei ya muuzaji, na kuanzia hapo mwenzako akija utapanda kwa hatua kama kawaida. Ukiweka 4,000,000, utaongoza kwa 3,950,000 na bango litabaki lilivyo.

Muuzaji hawezi kuweka dau kwenye mali yake mwenyewe, wala kumtuma ndugu, jirani au mfanyakazi amwekee. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamruhusu muuzaji kupiga bei mnadani pale tu haki hiyo ilipotangazwa wazi. Kwenye fungu hili haikutangazwa. Ukiwa na shaka na dau lolote, bonyeza Ripoti dau hili na tutalikagua kabla ya kumtangaza mshindi. Vilevile washindani wasikubaliane pembeni nani apande na nani anyamaze. Anayeumia hapo ni mwenye mashine, ambaye mara nyingi anauza ili alipe deni au ada ya shule.

Mnada ukifungwa bei haijafikiwa, dau lako la juu linabaki hai hadi Ijumaa 13 Machi, saa 6:00 mchana. Muuzaji akilikubali ndani ya muda huo, umenunua. Akilikataa, amana yako inarudi.

Utakacholipa kwa jumla

Tungependa usome hapa kuliko mahali pengine popote kwenye ukurasa huu. Bei ya kushinda haijabeba ada.

Ada ya mnunuzi ni asilimia 10 ya shilingi 3,000,000 za kwanza, na asilimia 6 ya kinachozidi hapo. Juu ya ada hiyo kuna VAT ya asilimia 18. VAT inatozwa kwenye ada tu. Mashine yenyewe haina, kwa kuwa muuzaji hajasajiliwa kwa VAT. Kisha kuna kunyanyua na kupakia kwa foklifti, Sh 25,000, VAT ikiwa ndani.

Ukishinda kwa 4,350,000:

Bei ya kushinda: 4,350,000
Ada, asilimia 10 ya 3,000,000: 300,000
Ada, asilimia 6 ya 1,350,000: 81,000
VAT ya ada (381,000): 68,580
Kupakia: 25,000
Jumla: Sh 4,824,580

Usafiri kutoka Majengo hadi kwako ni juu yako. Anayekwenda Arusha, Rombo au Same apatane na mwenye gari mapema.

Anzia mfukoni
Nina jumla ya: Sh 5,000,000
Kikomo kinachokufaa: Sh 4,500,000
Ukishinda kwa kikomo hicho chote utalipa Sh 4,985,200. Zinabaki Sh 14,800, ambazo hazitoshi usafiri wala beringi mpya. Ukitaka kubakiza fungu la fundi, punguza kiasi cha mfukoni hapo juu na hesabu itajirekebisha.

Amana na malipo

Amana yako: Sh 200,000, imepokelewa. Ukishinda inakatwa kwenye jumla. Ukikosa, inarudi kwenye namba ileile iliyoituma, siku ya kazi inayofuata.

Mshindi analipa kabla ya Jumatatu 16 Machi, saa 10:00 jioni, kwa benki au kwa simu, akitumia namba ya kumbukumbu inayoonekana ndani ya akaunti yake peke yake. Utapewa risiti ya EFD ya ada; usiondoke bila hiyo. Hatupokei pesa kwa namba ya mtu binafsi. Ukipata ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii", hata ukitaja Fungu Na. 47 na jina lako kamili, ni tapeli.

Asiyelipa kwa wakati anapoteza amana. Mashine ichukuliwe kabla ya Jumatano 18 Machi jioni. Baada ya hapo ghala linatoza Sh 10,000 kwa siku.

Thibitisha dau lako

Unaweka kikomo cha Sh 4,500,000 (milioni nne na laki tano) kwenye Fungu Na. 47.
Ukishinda, hutalipa zaidi ya Sh 4,985,200 pamoja na ada, VAT na kupakia.
Amana ya 200,000 itatolewa humo, kwa hiyo kiasi cha kuongeza hakitazidi Sh 4,785,200.

Soma tena ile bei iliyoandikwa kwa maneno. Sifuri moja ikizidi, milioni nne inakuwa arobaini. Dau lililothibitishwa halifutwi, ila kama umekosea tarakimu tupigie ndani ya dakika 10 kupitia kitufe cha Msaada na tutaliondoa kabla halijamuumiza mtu.

☐ Nimeona picha na video, au nimeikagua mashine mwenyewe.
☐ Naelewa kwamba ada inaongezwa juu ya bei ya kushinda.
☐ Naelewa kwamba bei ya muuzaji isipofikiwa naweza kuongoza na bado nisinunue.

THIBITISHA KIKOMO · Rudi nibadilishe

Ujumbe utakaotumiwa kwa simu

*Unaongoza Fungu 47 kwa Sh 4,200,000. Bei ya muuzaji imefikiwa. Kikomo chako hakijaisha.*

*Umepitwa Fungu 47. Dau la sasa Sh 4,550,000. Ukiongeza, kiwango cha chini ni Sh 4,600,000 na jumla yake ni Sh 5,092,280. Usipotaka kuendelea, huhitaji kufanya lolote.*

*Mnada wa Fungu 47 umefungwa. Umeshinda kwa Sh 4,350,000. Jumla Sh 4,824,580, toa amana 200,000, baki Sh 4,624,580. Ingia kwenye akaunti yako uchukue namba ya kumbukumbu.*

Simu yako ikizimika au mtandao ukikatika, kikomo ulichothibitisha kinaendelea kufanya kazi. Huna haja ya kukesha na skrini.

Msaada: Jumatatu hadi Ijumaa saa 2:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni. Siku ya mnada tunabaki mpaka fungu la mwisho lifungwe.