Mwezi Katika Akarabu

Mbarouk alikuwa na makanda arobaini ya machungwa pale bandarini Wete, nusu yake ameyanunua kwa pesa za kukopa. Jahazi lilikuwa tayari kwenda Tanga. Usiku huo akaenda kwa Maalim.

Mzee alimuuliza jina lake na la mama yake, akazihesabu herufi kwa abjadi, kidole kikitembea juu ya jedwali lililofifia wino.

"Mwezi umeingia buruji ya Akarabu, yaani Nge, mwanangu. Usisafiri mpaka utoke. Siku mbili na nusu. Ijumaa alfajiri nyota yako iko wazi."

"Na upepo je, Maalim?"

"Mimi nasoma nyota. Bahari kamuulize nahodha."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomkaa, na kwangu mimi ndilo lililostahiki ile sadaka aliyotoa. Asubuhi alimkuta nahodha akishona tanga. Kusi ilikuwa kali, na mkondo wa Pemba ungewasukuma kaskazini.

"Ningekuwa wewe ningengoja," alisema nahodha.

Akangoja. Makanda kumi yaliyoanza kulainika akayauza sokoni kwa hasara.

Ijumaa ikafika. Nyota iko wazi, lakini nje ya kisiwa cha Fundo mawimbi bado yalikuwa yakivunjika meupe. Mbarouk aliyatazama kwa muda mrefu. Kisha akavua viatu, akapanda jahazini, akaanza kuteremsha makanda mengine kumi.

"Maalim si kasema leo?" aliuliza nahodha.

"Kasema. Tupunguze mzigo, na upepo ukipoa ndiyo tung'oe nanga."