Kama ule wa mara ya mwisho

Mteja: Shikamoo mama. Naomba mchele kama ule wa mara ya mwisho, kilo 25. Nipo Iringa bado.

Muuzaji: Marahaba mwanangu. Upi sasa? Mwezi wa 12 ulichukua wa Kyela kilo 25, ule unaonukia. Pasaka ukachukua wa Mbarali kilo 50, wa shughuli.

Mteja: Wa shughuli alilipa shemeji, mimi nilipokea mzigo tu. Namaanisha ule uliokuja kwenye kiroba cheupe, ukipika majirani wanajua.

Muuzaji: Viroba vyangu vyote vyeupe 😂 Huo wa kunukia ni Kyela. Ila ule ulikuwa wa zamani kidogo, ulitaka maji mengi. Nilionao ni wa msimu huu, punguza maji la sivyo utapata bokoboko. Na bei imepanda, 3,400 kwa kilo. Nikufungie?

Mteja: Haya, Kyela, kilo 25, si 50. 85,000 pamoja na kiroba?

Muuzaji: Kiroba bure. Nauli ya basi utalipa ukipokea. Mzigo ushukie Ipogolo kama siku ile?

Mteja: Ipogolo. Natuma hela sasa hivi.