Karibuni kiwandani: ujumbe wa Meneja kwa wafanyakazi wapya

Mtwara, Jumatatu, 4 Novemba 2024

Ndugu zangu wafanyakazi wapya,

Hamjambo, na poleni na safari, hasa ninyi mliotoka Newala, Tandahimba na Masasi na kulala njiani ili mfike kwa wakati. Kwa niaba ya uongozi na ya wenzenu 310 mnaowakuta hapa, nawakaribisha kwa moyo mkunjufu katika kiwanda chetu cha kubangua korosho. Mmekuja 42, na kila mmoja wenu amechaguliwa baada ya usaili ambao mimi mwenyewe nilishiriki. Kwa hiyo naomba asiwepo anayedhani kwamba ameingia kwa bahati au kwa huruma ya mtu. Tuliwahitaji, tukawatafuta, tukawapata.

Wengi wenu mmekulia chini ya mikorosho. Mnajua kupulizia salfa kuzuia ubwiriunga, mnajua kuokota na kuanika, na wazazi wenu wamesubiri malipo ya mnada kupitia chama cha msingi mwaka baada ya mwaka. Pengine ambacho hamjakishuhudia ni safari ya korosho baada ya kutoka ghalani, kwa sababu sehemu kubwa ya korosho za nchi yetu bado inapakiwa melini ikiwa ghafi na kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Kila gunia linalobanguliwa hapa Mtwara ni kazi iliyobaki nyumbani, na kazi hiyo sasa ni yenu. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililonifanya nibaki katika shughuli hii miaka yote, na kwa sababu ningependa mlione hivyo pia pale siku itakapokuwa ndefu na mgongo umechoka.

Wiki hii ya kwanza hakuna atakayepimwa kilo. Mtatembezwa idara zote, kuanzia ghala la korosho ghafi, sehemu ya kuchambua kwa ukubwa, boila ambako korosho huchemshwa kwa mvuke kisha huachwa zipoe, ukumbi wa ubanguaji, oveni za kukaushia, ukumbi wa kumenya ngozi laini, meza za madaraja, hadi chumba cha kufungasha. Nimeagiza hivyo makusudi, hata kwa waliokuja kufanya kazi ya ofisini. Anayemenya ngozi akijua kwamba korosho isiyokauka sawasawa ndiyo inayomkatalia kisu chake, atajua pa kwenda kuuliza. Na aliye kwenye oveni akiona jinsi punje iliyokaushwa kupita kiasi inavyovunjika mezani kwa mwenzake, hataiacha ndani dakika zisizohitajika.

Naomba nizungumze zaidi kuhusu jambo moja, nalo ni mikono yenu. Ganda la korosho lina mafuta mazito yanayounguza ngozi. Mwanzoni huhisi kitu. Baadaye ngozi hubadilika rangi, huchubuka, na kidonda chake hakiponi upesi. Mwaka 2006, katika kiwanda cha kwanza nilichofanyia kazi kama mbanguaji, tulipewa majivu tu ya kupaka viganjani. Siku ya nne vidole vyangu viwili vilichubuka hadi nyama ikaonekana. Niliogopa kusema, kwa kuwa nilidhani wataniona dhaifu na nafasi yangu itapewa mwingine, nikafunga kitambaa na kuendelea kubangua. Jioni mama yangu alinishika mkono akaugeuza chini ya taa ya chemli, asiseme neno lolote, akaenda kuchemsha maji. Alama zipo hadi leo, na atakayetaka kuziona nitamwonyesha.

Hapa tunafanya tofauti. Kila mbanguaji anapewa glavu, mafuta ya nyonyo ya kupaka kabla ya kuanza, aproni na miwani ya kinga, na vyote hivyo ni wajibu wa kiwanda kuvitoa, wala havikatwi kwenye mshahara wa mtu. Glavu ikitoboka, simamisha mashine, nyanyua mkono, msimamizi atakuletea nyingine. Usimalizie kwanza trei iliyo mbele yako. Chumba cha huduma ya kwanza kiko kando ya ukumbi wa ubanguaji na kina muuguzi katika saa zote za kazi. Kuunguzwa hata kama ni padogo kunaandikwa siku hiyo hiyo, kwa sababu kumbukumbu hiyo ndiyo itakayokusaidia kama utahitaji kudai haki yako katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao michango yake hulipwa na mwajiri peke yake.

Ninayoyasema kuhusu mikono ndiyo ninayoyataka kuhusu kila kosa na kila shida: semeni mapema. Trei ikimwagika, semeni. Mashine ikibadilika mlio, semeni. Ukipotewa na hereni ndani ya ukumbi wa kumenya, sema papo hapo hata kama utatusimamisha wote, maana hereni hiyo ikiingia kwenye mfuko wa mteja tutakuwa tumepoteza kilichojengwa na mikono ya watu 352. Kwa sababu hiyo hiyo pete, bangili, kucha za bandia na rangi ya kucha haviruhusiwi katika kumbi za kumenya, madaraja na kufungasha, na nywele zinafunikwa zote. Hina iliyokauka haina tatizo. Nimeulizwa swali hilo na mabibi harusi kadhaa, nami nalijibu kabla halijaulizwa tena.

Ubora wa kazi yetu unapimwa kwa punje nzima. Mtasikia wenzenu wakitaja W180, W240, W320 na W450. Hayo ni madaraja ya korosho nyeupe nzima, na namba inaonyesha takribani idadi ya punje katika ratili moja, kwa hiyo namba ikiwa ndogo, punje ni kubwa na bei yake ni nzuri zaidi. Punje iliyopasuka bado inauzwa, lakini kwa bei ya chini. Ndiyo maana mwalimu wenu wa ubanguaji hatawahimiza kukimbia. Atawafundisha kwanza kuilaza korosho kwenye kisu cha mashine kwa upande unaostahili na kukanyaga pedali kwa nguvu ya kadiri. Sikilizeni sauti: ganda lililopasuka vizuri hutoa mlio mmoja mkavu, na baada ya wiki chache sikio litawaambia kabla ya jicho. Kasi itakuja yenyewe, na kwa wengi huanza kuonekana katika mwezi wa pili.

Sasa kuhusu masharti ya ajira, ambayo yameandikwa kwa Kiswahili katika mikataba mtakayokabidhiwa leo. Naomba kila mtu aisome au asomewe yote kabla ya kuweka sahihi, na anayetaka kwenda nayo nyumbani akashauriane na familia ana ruhusa ya kuirudisha Jumatano. Kazi inaanza saa 1:30 asubuhi hadi saa 10:30 jioni, pamoja na saa moja ya chakula, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi tunamaliza saa 6:30 mchana. Jumla yake ni saa 45 kwa wiki, ambacho ndicho kikomo cha saa za kawaida kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Zaidi ya hapo ni saa za ziada, hufanywa kwa makubaliano, na hulipwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Wanaolipwa kwa kilo hupimiwa wakiwa wamesimama mbele ya mizani na kusaini daftari wenyewe, na hata kilo zikiwa chache hakuna atakayepokea chini ya kima cha chini kilichotangazwa na serikali. Mishahara huingia tarehe 28 ya kila mwezi. Muda wa majaribio ni miezi 3.

Kwa upande wa NSSF, asilimia 10 inatoka kwenye mshahara wako na asilimia 10 nyingine inalipwa na kiwanda. Likizo ya mwaka ni siku 28. Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua mtoto zaidi ya mmoja, na mama anayerudi kazini akiwa ananyonyesha anapewa hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Tumetenga chumba tulivu nyuma ya zahanati kwa ajili hiyo, chenye mikeka, maji na pazia, na nawaomba akina mama wakitumie bila kuona haya. Tawi la chama cha wafanyakazi cha TUICO lipo hapa kiwandani. Kujiunga ni hiari yako, na kujiunga kwako hakutabadilisha chochote katika jinsi ninavyokutazama.

Nimepanga kila mmoja wenu awe na mwenyeji, yaani mfanyakazi wa siku nyingi atakayekaa naye kwa wiki nne za mwanzo. Hao si wasimamizi na hawataleta ripoti kwangu. Waliombwa kwa sababu ni watu wenye subira, na baadhi yao wamebangua korosho kwa zaidi ya miaka kumi. Waiteni dada, kaka au mama kama ilivyo desturi yetu, muwaulize hata lile unaloona ni dogo, kama vile maji ya kunywa yako wapi au daladala ya kurudi Mikindani inasimama upande gani. Na wanaotoka mbali ambao bado hawajapata chumba cha kupanga wamwone Afisa Rasilimali Watu leo kabla ya chakula cha mchana, kwani anayo orodha ya wenye nyumba waaminifu walio karibu.

Mlango wangu uko ghorofa ya kwanza, wa pili kushoto ukipanda ngazi. Kila Alhamisi kuanzia saa 9:00 alasiri nakaa ofisini bila kikao chochote ili mtu yeyote aingie, na siku nyingine mtanikuta kumbini. Jambo linalokuhusu wewe na msimamizi wako anza nalo kwake; lakini kama ni unyanyasaji, iwe wa maneno, wa kimwili au wa kijinsia, njoo kwangu moja kwa moja au mwone muuguzi, na nakuahidi kwamba halitaishia kwenye droo.

Baada ya hapa mtakwenda stoo kupimwa sare na viatu, kisha tutakutana wote bwaloni saa 7:00 mchana kwa chakula. Wenzenu wa ukumbi wa kumenya wameomba wao ndio wawapakulie leo, nami nimewakubalia.

Karibuni sana.

Meneja wa Kiwanda