Njia imekamilika, abiria je? Mazao, matokeo na manufaa ya mabasi yaendayo haraka Dar es Salaam

Kozi: Tathmini ya Miradi ya Sekta ya Umma
Swali: Chagua mradi mmoja wa umma. Tenganisha mazao, matokeo na manufaa yake, kisha ueleze ni nani anayepaswa kuwajibika manufaa hayo yapatikane.

Nimechagua mradi wa mabasi yaendayo haraka Dar es Salaam, ambao wengi wetu tunauita mwendokasi. Nimejikita katika awamu ya kwanza, iliyoanza kubeba abiria Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, ikiwa na matawi ya Morocco na Gerezani. Hoja yangu ni kwamba katika mradi huu zao lilipata mwenye dhamana, mkataba na tarehe ya kukabidhiwa, lakini manufaa hayakupata mwenye dhamana aliye wazi kiasi hicho. Pengo hilo ndilo linaloeleza sehemu kubwa ya kilichofuata.

Maneno matatu

Zao ni kitu ambacho mkandarasi au mzabuni anaweza kukukabidhi ukatia saini. Matokeo ni badiliko katika mwenendo wa watu au huduma baada ya zao kuanza kutumika. Manufaa ni nafuu inayopimika, inayomfikia mtu au kundi tunaloweza kulitaja, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwepo bila mradi.

Tuangalie jukwaa la kituo. Limeinuliwa likalingana na sakafu ya basi. Zege hilo ni zao. Mtu anayetumia kiti cha magurudumu anapoingia kwenye basi bila kubebwa na wapita njia, hayo ni matokeo. Akiweza kufika kazini Posta kila siku kwa nauli ya kawaida, bila kukodi teksi, amepata manufaa. Sasa basi likisimama mbali na ukingo wa jukwaa, au likifika limejaa hadi mlangoni, zege liko palepale na limekaguliwa vizuri, ila mtu yule bado amesimama kituoni. Zao halikupungua hata kidogo. Manufaa ndiyo yaliyotoweka.

Mazao

Sehemu hii haina utata mwingi. Awamu ya kwanza, iliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia na mchango wa Serikali, ilileta takribani kilomita 21 za njia maalumu, vituo vikuu vya Kimara, Ubungo, Morocco, Gerezani na Kivukoni, vituo vidogo vya katikati, karakana ya Jangwani, na mabasi 140 ya huduma ya mpito.

Hapa pana swali ambalo taarifa nyingi hulipita haraka. Mpango wa huduma kamili ulikuwa wa mabasi 305. Mtathmini anayepima njia peke yake ataandika kwamba mradi umekamilika. Anayepima uwezo wa kubeba abiria ataandika kwamba nusu ya zao lenyewe haikufika. Mimi niko upande wa huyu wa pili, kwa sababu barabara ya mabasi isiyo na mabasi ya kutosha haimsafirishi mtu.

Awamu ya pili, ya Barabara ya Kilwa kuelekea Mbagala, ilionyesha jambo hili wazi zaidi. Njia na vituo vilikuwepo muda mrefu kabla ya mabasi kuanza kubeba abiria. Muda wote huo mkazi wa Mbagala aliiona njia dirishani akiwa ndani ya daladala.

Matokeo

Safari kwenye njia maalumu ilikuwa fupi kuliko ile ya daladala katika foleni ya Barabara ya Morogoro. Abiria wengi walihama, na daladala ziliondolewa kwenye sehemu kubwa ya njia hiyo. Kuhama huku kusihesabiwe moja kwa moja kuwa ni kuridhika: mtu ambaye daladala yake imeondolewa hakuchagua, amefuata usafiri uliobaki. Kwa hiyo idadi ya abiria ni kiashiria cha matumizi. Haitoshi kuwa ushahidi wa manufaa.

Manufaa, na yanapovujia

Manufaa makuu yaliyotarajiwa ni muda. Niyapime kwa mfano wa hesabu, tarakimu zikiwa za kukisia. Abiria anaokoa dakika 40 kila upande, siku 250 za kazi kwa mwaka:

(40 + 40) × 250 = dakika 20,000, yaani kama saa 333.

Tuseme asubuhi anasubiri kituoni dakika 25 zaidi ya alivyosubiri daladala, kwa sababu mabasi yanapita yamejaa:

(15 + 40) × 250 = dakika 13,750, yaani kama saa 229.

Saa 104 zimepotea na hakuna ufa hata mmoja barabarani. Mtathmini anayepima mwendo wa basi kutoka kituo hadi kituo hatauona upotevu huu kamwe. Inabidi aanze kuhesabu pale abiria anapofika kwenye foleni ya kuingia, na aishie pale anapofika mlangoni mwa ofisi.

Kuna mitego miwili ya kuhesabu ambayo nimejitahidi kuikwepa. Wa kwanza ni kuhesabu kitu kimoja mara mbili: kodi ya nyumba ikipanda karibu na kituo kwa sababu kufika mjini ni rahisi, sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni muda uleule uliookolewa, umegeuka fedha mfukoni mwa mwenye nyumba. Wa pili ni mapato ya nauli. Kwa mwendeshaji ni mapato, kwa abiria ni gharama. Kwa jamii nzima ni fedha iliyohama mkono.

Hasara nazo ziingie kwenye hesabu. Dereva na kondakta wa daladala walioondoka kwenye njia hii walipoteza njia ya riziki, na tathmini isiyowataja ina kasoro ya haki kabla hata ya kasoro ya hesabu. Karakana ya Jangwani ilijengwa katika bonde la Mto Msimbazi, na mafuriko yameifikia zaidi ya mara moja na kusimamisha huduma. Kila siku ya namna hiyo inapunguza manufaa ya mwaka huo.

Nani awajibike

Msimamizi wa ujenzi hawezi kubebeshwa muda wa abiria, maana kazi yake inaisha kabla manufaa hayajaanza. Mwendeshaji naye huendesha mabasi aliyonayo tu. Kwa maoni yangu mwenye dhamana awe kiongozi mmoja anayetajwa kwa cheo ndani ya Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, mwenye mamlaka juu ya mkataba wa mwendeshaji, na apimwe kwa muda wa safari wa mlango hadi mlango, si kwa kilomita. Hali ya awali ipimwe kabla ya ujenzi kuanza, katika njia inayojengwa na katika njia nyingine inayofanana nayo isiyo na mradi. Kisha vipimo virudiwe mwaka wa kwanza, wa tatu na wa tano, na fedha ya kupima itengwe kwenye bajeti ya mradi wenyewe.

Kipimo cha kwanza ningekichukua Kimara, siku ya kazi, kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi: mtu wa mwisho kwenye foleni anaingia basi la ngapi?