Barua ya Mwalimu Mkuu kwa wazazi na walezi kuhusu jengo jipya la vyoo na matunzo yake

Shule ya Msingi Mbuyu Mmoja,
Halmashauri ya Wilaya ya Kongwa,
Mkoa wa Dodoma.

14 Julai 2025

Kwa wazazi na walezi wote wa wanafunzi wa darasa la awali hadi la saba.

YAH: KUANZA KUTUMIKA KWA JENGO JIPYA LA VYOO NA OMBI LA KUSHIRIKIANA KATIKA KULITUNZA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa furaha kubwa nawataarifu kwamba jengo jipya la vyoo vya wanafunzi limekamilika, limekaguliwa na kukabidhiwa, na wanafunzi wameanza kulitumia tangu shule ilipofunguliwa wiki iliyopita. Fedha za ujenzi, shilingi 32,200,000, zilitoka serikalini kupitia Halmashauri yetu. Mashimo yote mawili, mawe ya msingi, mchanga na maji ya kujengea vilitokana na mikono yenu. Wapo wazazi walioacha kuandaa mashamba yao mwezi Novemba mwaka jana, mvua zikiwa zimekaribia, ili shimo la pili likamilike kabla udongo haujalowa. Naandika hayo kwanza kwa sababu ombi nitakalolitoa mbele linawahusu watu ambao tayari wametoa, na sitaki mtu adhani kwamba nimesahau.

Hali tuliyotoka nayo mnaifahamu. Shule ina wanafunzi 612, wasichana 318 na wavulana 294. Baada ya matundu manne ya zamani kutitia wakati wa masika ya mwaka 2024 na kubomolewa kwa usalama wa watoto, tulibakiwa na matundu sita tu, maana yake tundu moja kwa wanafunzi 102, wakati mwongozo wa serikali unataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Watoto wadogo walikuwa wakikimbilia vichakani nyuma ya uwanja wa mpira. Wasichana wa darasa la sita na la saba, wakiwa katika siku zao, wengine waliona afadhali kubaki nyumbani kuliko kusimama kwenye foleni ya choo kisicho na komeo. Mimi kama mwalimu nililiona hilo kwenye daftari la mahudhurio mwezi baada ya mwezi, na liliniumiza kwa sababu hakuna somo la ziada linaloweza kufidia siku hizo.

Jengo jipya lina matundu 14. Manane ni ya wasichana na sita ni ya wavulana, na kila upande una tundu moja pana lenye mteremko wa kuingilia na chuma cha kushikilia kwa ajili ya wanafunzi wenye ulemavu. Upande wa wavulana una pia sehemu ya kukojolea. Upande wa wasichana una chumba cha hedhi salama chenye maji, kioo, ndoo yenye mfuniko na kichomea taka kilichojengwa nyuma ya ukuta, na mwalimu wa malezi anatunza akiba ndogo ya taulo za kike kwa atakayepatwa na dharura. Nje kuna karo refu la kunawia mikono lenye koki nane, nne zikiwa zimefungwa chini kwa kimo cha watoto wa awali. Tukijumlisha na matundu sita ya zamani, ambayo tumeyafanyia ukarabati, sasa tuna 20. Mahitaji yetu kwa mujibu wa mwongozo ni 28, kwa hiyo bado tunapungukiwa na manane, na ombi la nyongeza limeshawasilishwa Halmashauri.

Naomba sasa nieleze kwa undani namna vyoo hivi vinavyofanya kazi, kwa sababu matunzo yake ni tofauti na ya choo cha shimo tulichokizoea wengi wetu majumbani. Hivi ni vyoo vya kumwagia maji. Chini ya kila sinki kuna shingo iliyopinda, ambayo hubaki na maji kidogo wakati wote. Maji hayo ndiyo yanayozuia harufu na nzi wasipande kutoka shimoni. Uchafu ukishasukumwa kwa lita mbili hivi za maji hupita kwenye chemba na kwenda katika shimo moja kati ya yale mawili. Shimo la kwanza likijaa, fundi atalifunga na kufungulia la pili, na la kwanza litaachwa lipumzike hadi uchafu wake uoze na kuwa salama kuzolewa. Mpango huo unaweza kutuhudumia kwa miaka mingi, lakini unavumilia vitu viwili tu: maji na kinyesi. Jiwe, gunzi la mahindi, kitambaa au karatasi ngumu ya daftari hunasa kwenye ile shingo. Katika siku nne tu za matumizi tulilazimika kumwita fundi azibue tundu moja la upande wa wavulana, akatoa magunzi mawili, mawe na mfuniko wa kalamu. Mtoto aliyefanya hivyo simlaumu, kwani alifanya alichofundishwa nyumbani, kwenye choo kinachokubali vitu hivyo.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza halihitaji fedha. Kila mzazi akae na mwanawe, hasa wa awali hadi darasa la tatu, amweleze kwamba choo cha shule ni cha maji: anajisafisha kwa maji kutoka kwenye kopo lililomo ndani, anamwaga maji hadi sinki iwe safi, kisha ananawa mikono kwa sabuni. Taulo za kike zilizotumika zinawekwa kwenye ndoo yenye mfuniko, kamwe si kwenye sinki. Walimu wanafundisha hayo kila asubuhi mstarini, lakini mtoto husikia zaidi linapotoka kwa mama, baba au bibi. Mhimizeni pia anawe uso anapofika kwenye koki. Wilaya yetu imefanyiwa tafiti za trakoma, yaani vikope, tangu miaka ya 1980, na tafiti hizo zilionesha kwamba mtoto mwenye uso safi hupungukiwa na hatari ya kupata vikope vikali. Nzi wanaoeneza ugonjwa huo kutoka jicho hadi jicho huzaliana katika kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi, na ndiyo sababu vile vichaka vya nyuma ya uwanja vilikuwa vikinikosesha usingizi.

Jambo la pili ni maji, na hapa ndipo penye uzito. Kila mwanafunzi akitumia choo mara moja kwa siku na kunawa, tunahitaji takriban lita 1,500 kwa siku. Simtanki letu ni la lita 5,000, hivyo likijaa linatosha siku tatu na kidogo. Wakati wa mvua litajazwa na maji yanayovunwa kwenye bati la jengo hilo. Lakini ninyi ni wenyeji wa Kongwa na mnajua kwamba kuanzia sasa hadi Desemba hatutegemei tone kutoka juu. Maji yatatoka kwenye kituo cha jumuiya ya watumiaji maji, ambako ndoo ya lita 20 ni shilingi 50. Ndoo 75 kwa siku ni shilingi 3,750, sawa na shilingi 75,000 kwa mwezi wenye siku 20 za masomo. Sabuni, brashi, glavu na dawa ya kusafishia zitagharimu shilingi 45,000, na posho ya mtu mmoja wa usafi ni shilingi 100,000. Jumla ni shilingi 220,000 kwa mwezi.

Ruzuku ya uendeshaji inayoingia shuleni ni wastani wa shilingi 306,000 kwa mwezi, nayo ndiyo inayonunua chaki, karatasi za mitihani na kulipia umeme na matengenezo. Kamati ya Shule imekubali kutenga humo shilingi 60,000 kwa ajili ya vyoo. Zaidi ya hapo tutakuwa tunawanyang'anya watoto chaki. Upungufu ni shilingi 160,000 kwa mwezi, au 800,000 kwa miezi mitano iliyobaki ya mwaka huu. Kamati inapendekeza kila kaya, bila kujali ina watoto wangapi shuleni, ichangie shilingi 2,000 mara moja kwa kipindi hicho chote. Kwa kaya 410 zitapatikana shilingi 820,000, na ile ziada ya 20,000 itakuwa akiba ya koki na vitasa.

Naomba nieleweke vizuri hapa. Elimu ya msingi ni bila malipo, na huu ni mchango wa hiari. Hautaanza kukusanywa mpaka wazazi wameujadili na kuukubali mkutanoni na Mkurugenzi Mtendaji ametoa kibali. Hakuna mwalimu atakayepokea fedha. Zitapokelewa na mweka hazina wa Kamati kwa stakabadhi, na mapato na matumizi yatabandikwa kila mwezi kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi yangu. Hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani, kutajwa mstarini wala kunyimwa choo kwa sababu mzazi wake hakuchangia. Kaya isiyo na fedha inaweza kutoa siku moja ya kazi, na kaya isiyoweza hata hilo haitaulizwa. Tunawahitaji pia mafundi bomba, waashi na seremala miongoni mwenu, japo kwa saa chache katika muhula.

Baadhi ya wazazi wameniuliza kama wanafunzi watasafisha vyoo. Watafagia na kumwagia maji kwa zamu, wavulana kwa wasichana sawasawa, kuanzia darasa la nne, wakiwa na glavu na mwalimu wa zamu. Kuzibua, kusugua masinki na kuchoma taka ni kazi ya mtu wa usafi. Kusafisha choo hakutakuwa adhabu katika shule hii, kwa sababu mtoto anayefundishwa kwamba choo ni mahali pa kuadhibiwa hataki kukitunza.

Jambo la mwisho ni ulinzi. Jengo liko jirani na njia ya kwenda mnadani, na usiku wa kuamkia Jumamosi koki mbili ziling'olewa. Tumeshazirudishia na lango litakuwa linafungwa saa 11 jioni. Naomba kaya zinazopakana na shule zitusaidie kwa jicho na sikio, na atakayeona jambo amjulishe mwenyekiti wa kitongoji.

Mkutano wa wazazi utafanyika Jumamosi tarehe 26 Julai 2025, saa 3:00 asubuhi, chini ya mbuyu. Kabla ya kuanza tutatembelea jengo pamoja, kina mama upande wa wasichana na kina baba upande wa wavulana, ili kila mmoja ajionee kinachoombewa msaada. Ambaye hawezi kufika atume mwakilishi mtu mzima, au anione ofisini siku yoyote ya kazi baada ya saa 8 mchana.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu Mkuu,
Shule ya Msingi Mbuyu Mmoja.

Nakala:
Mwenyekiti wa Kamati ya Shule
Afisa Elimu Kata
Afisa Mtendaji wa Kijiji