Kufuata maelekezo mstari kwa mstari: skafu ya vikapu

Kwa wanakikundi wa Jumamosi. Njooni na karatasi hii, penseli, kipande cha kadibodi, pini ya kufunga na uzi mwembamba wa pamba wa rangi tofauti na skafu.

Anzisha vitanzi 40. Usivihesabu kama mstari. K ni kitanzi cha wazi, chenye umbo la V. P ni cha kugeuza, chenye kinundu. Nyota zinafunga sehemu ya kurudiwa.

Mstari 1 hadi 4: *K4, P4* rudia hadi mwisho
Mstari 5 hadi 8: *P4, K4* rudia hadi mwisho
Kisha anza tena mstari wa 1.

Ukimaliza mstari wa 1, choma pini upande uliokuwa ukikutazama. Huo ndio upande wa mbele, na mistari yote ya 1, 3, 5 na 7 hufumwa pini ikikutazama. Ukiona pini huku karatasi inasema mstari wa 6, simama, umeruka mahali.

Tia pete ndogo za uzi kwenye sindano kila baada ya vitanzi 8, zitakuwa 4. Kila mstari zihamishe tu, usizifume. Kati ya pete na pete ukikuta vitanzi 7, kimoja kimechomoka au umefuma viwili pamoja. Ukikuta 9, mara nyingi ni uzi: ulipotoka K kwenda P uliupitisha juu ya sindano badala ya kuuleta mbele katikati ya sindano mbili. Hesabu kila mstari, maana kosa la mstari mmoja hufumuliwa kwa dakika chache, la mistari kumi linakula jioni nzima.

Weka alama ya penseli mstari ukishakwisha, kamwe si unapouanza. Kadibodi ifunike mistari inayofuata, ile uliyokwisha kufuma ibaki wazi uilinganishe na kazi.

Jitahidi kusimama mwisho wa mstari tu. Ukiitwa katikati, ukirudi shika kwa mkono wa kulia sindano ambayo uzi wa bonge unatokea. Wanaogeuza sindano hapa hurudi walikotoka: panabaki tundu, na upande mmoja wa skafu unakuwa mrefu.

Penseli ikipotea, soma kitambaa chenyewe. Tafuta kisanduku cha V kilicho chini ya sindano, hesabu V kwenda chini ukijumlisha vitanzi vilivyo kwenye sindano. Ukipata 3, umemaliza mstari wa 3 au wa 7; kisanduku cha kwanza kutoka kulia, pini ikikutazama, kikiwa cha V ni wa 3, kikiwa cha vinundu ni wa 7.

Kila mstari wa 8 ukiisha, pitisha ule uzi wa pamba kwa sindano butu ndani ya vitanzi vyote 40, usiingie kwenye pete. Ukilazimika kufumua, kazi itasimama hapo na vitanzi vyote vitakuwa salama. Uache mpaka uwe umepitisha mwingine juu yake.