Mtunde kama Kijana

Ubeti uliowagonganisha Zainabu na Baraka katika semina yetu ya ushairi wa kale ulikuwa umekwisha kuandikwa ubaoni tulipoingia:

Mtunde kama kijana
asiyoyua kunena
kitu changalie sana
kitokacho na kungia

Ni maneno ya Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, aliyoyatunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, ili amuusie binti yake, Mwana Hashima, namna ya kuishi na Mola wake, na watu, na mume. Anayetundwa, yaani anayetunzwa, ni mume. Swali la Mwalimu Rehema lilikuwa moja: mtunzi anapomwambia binti amtunze mume kama mtoto asiyejua kusema, anamweka mke chini ya mume au juu yake? Kila mmoja alitakiwa kutetea usomaji anaouamini kweli, kwa ushahidi wa utenzi wenyewe, na mimi nilipewa kazi ya ukatibu.

Baraka, kijana wa Tabora aliyezoea kusimama anapozungumza hata pasipo haja, alianza. Alisema kwamba wasomaji wengi wameuchukua utenzi huu kama hati ya utiifu mtupu kwa sababu wameishia kwenye amri na hawakutazama picha zinazobeba amri hizo. Mtoto ambaye hajaanza kusema hana amri juu ya mlezi wake. Mlezi ndiye anayejua saa ya chakula na saa ya usingizi, na ndiye anayeamua kipi kiletwe na kipi kizuiwe. Mistari miwili ya mwisho, kwa maoni yake, inamkabidhi mke nyumba nzima, kwa kuwa kinachotoka na kinachoingia ni mali, chakula na matumizi, na aliyeambiwa akiangalie sana ndiye mwenye usukani. Akaongeza ubeti unaofuata, unaoanza kwa «Mpumbaze apumbae, amriye sikatae», akauliza ni mtumwa gani anayefundishwa kumpumbaza bwana wake.

«Mwana Kupona alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na Sayyid Said wa Unguja,» alisema. «Alizijua siasa za barazani na za ndani. Anamfundisha binti yake kutawala bila kuonekana anatawala.»

Zainabu hakusimama. Yeye ni mtu wa Faza, kisiwani humo humo Pate, na utenzi huu aliujua kwa kuusikia kabla hajaujua kwa kuusoma. Lakini, na hili nililipenda sana, hakuutumia utoto wake kama hoja hata mara moja. Alimwomba Baraka afungue kitabu kurasa chache nyuma.

«Kaka Baraka, umeung'oa ubeti mahali pake,» alisema. «Tazama unatanguliwa na nini. Mume akilala, usimwache. Mpapase, na asikose mtu wa kumpepea. Akiwa usingizini usimwamshe, wala usiseme kwa kelele. Kaa papo hapo usiinuke, asije akaamka akakutafuta. Akiamka, usikawie kumwandikia chakula na kuushughulikia mwili wake kwa kumsinga na kumwosha. Kisha anyolewe, atengenezwe ndevu, afukizwe asubuhi na jioni. Ndipo unakuja ubeti wetu. Hapajatajwa fedha, hapajatajwa ghala. Mwili ndio unaozungumzwa tangu mwanzo wa kipande hiki, na kwa mtoto mchanga kinachoingia na kutoka kila mama anakijua.»

Darasa lilicheka kidogo, lakini Zainabu hakucheka. Aliendelea kusema kwamba huu ni utumishi uliofika mwisho wake, ule wa kumhudumia mtu bila kungoja aombe na bila kuona kinyaa, na kwamba mtunzi mwenyewe amekwisha kueleza sababu yake mapema. Kiumbe ana radhi tano za kutafuta: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ni ya mume. Siku ya kufufuliwa mume ataulizwa anachotaka, na hapo Zainabu aliukariri ubeti kwa mahadhi, polepole:

Kipenda wende peponi
utakwenda dalhini
kinena wende motoni
huna budi utatiwa

«Mwenye neno kama hilo mkononi si mtoto,» alisema. «Ukimfanya Mwana Kupona mjanja anayemchezea mume, umemwondolea imani yake ili akupendeze wewe. Aliyaamini aliyoyasema.»

Baraka alikaa. Alikubali, kwa uungwana uliomgharimu, kwamba mstari wa nne hauwezi kubeba ghala lote alilolipakia, kwa sababu mpangilio wa beti unaelekea mwilini. Hata hivyo alishikilia mstari wa pili. Mtunzi angeweza kusema mtunde kama mgeni, kama mzazi, kama mfalme, na vina vingepatikana kwa fundi kama yeye. Kwa nini mtu ambaye neno lake moja linapeleka peponi au motoni afananishwe na asiyejua kunena?

Kwa maoni yangu hilo ndilo lilikuwa swali bora la siku ile, na Zainabu alikaa nalo kitambo bila kulijibu. Mwalimu Rehema hakumharakisha. Badala yake alimgeukia Baraka na kumwuliza ni ubeti upi unaomnyima usingizi. Baraka alijibu mara moja kwamba ni ule wa karibu na mwisho, ambapo mtunzi anawageukia wanawake wote, akawataka wasome na wawatii waume zao ili wasipatwe na mabaya ya akhera na dunia. Hapo hakuna picha ya kuelea juu yake. Ni agizo wazi mbele ya hadhara.

«Na wewe Zainabu?»

«Nina jibu sasa, mwalimu, ila sijui linamsaidia nani.» Alifunua mahali ambapo Mwana Kupona anaeleza ndoa yake mwenyewe: aliolewa na baba yake Mwana Hashima kwa furaha na kicheko, hawakuvunjiana heshima siku zote walizoishi, na faradhi ya kifo ilipomfikia mume, alimkariria mkewe radhi. «Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Mwana Kupona anapotunga, ni mjane wa miaka miwili, naye mwenyewe anakaribia kufa. Neno la mume lililokuwa likingojewa limekwisha kusemwa, tena limerudiwa. Mume sasa ndiye asiyeweza kunena, na anayenena ni mke.»

«Basi umenipa hoja yangu,» alisema Baraka.

«Sijakupa. Ananena kwa sababu alitii akaridhiwa. Sauti hii ameipata kwa njia ile ile anayomwelekeza binti yake, na hakuichukua kwa kumzunguka mtu.»

«Lakini ni sauti yenye mamlaka.»

«Ni yenye mamlaka, sikukataa hilo. Nilikataa ujanja.»

Wanafunzi wa kipindi kilichofuata walikuwa wamekwisha kujaa mlangoni. Mwalimu Rehema alitaka kujua nimeandika nini kama hitimisho, nami nikamsomea: kwamba mstari wa nne umekubaliwa na pande zote mbili kuwa unahusu mwili, kwamba mstari wa pili haujapata suluhu, na kwamba beti za ndoa na kifo cha Bwana Mataka zimetumiwa na Zainabu kuthibitisha utiifu, na na Baraka kuthibitisha mamlaka, bila hata mmoja kubadili neno. Zainabu aliniomba niongeze kwamba mjadala wa mstari wa pili uendelee Alhamisi, na kwamba yeye ndiye atakayeanza.